Kusoma EEG ya usingizi kipande kwa kipande, na thalamasi inafanya nini huko chini

Ukifungua rekodi ya EEG, yaani umeme wa ubongo, ya usiku mzima kwa mara ya kwanza unaona tu mistari inacheza, na anayekufundisha anakuambia "tafuta spindo, tafuta K-kompleksi", unatafuta, unapata, unaandika N2, basi. Nilisoma hivyo karibu mwaka mzima na nilikuwa nakosea sana, mpaka siku nilipoelewa kwamba karibu kila umbo unaloliona pale linatoka kwenye mazungumzo ya sehemu mbili, thalamasi iliyo katikati ya ubongo na gamba la ubongo lililo juu yake. Ukijua wanaongea nini huhitaji kukariri sana. Kwa hiyo mwongozo huu nitakupeleka na rekodi moja, ya kijana mzima asiye na ugonjwa, nimeitunga kwa ajili ya somo ila mambo yake ndiyo yale yale utakayokutana nayo.

Hatua ya 1: weka skrini vizuri kabla hujahukumu kitu

Rekodi inakatwa vipande vya sekunde 30, tunaviita epoki, na kila epoki inapewa jina moja tu: W (yuko macho), N1, N2 au N3 ambazo ni usingizi kuanzia mwepesi hadi mzito, au R (yaani REM, usingizi wa macho kurukaruka). Hata kama ndani yake kuna mambo mawili, lile lililochukua zaidi ya nusu ndilo linashinda.

Chaneli za lazima ni tatu za kichwa, F4-M1 (mbele), C4-M1 (katikati) na O2-M1 (kisogoni), halafu mbili za macho na moja ya msuli wa kidevu. M1 ni ule mfupa nyuma ya sikio la kushoto, M2 ni wa kulia. Filta za EEG ziwe 0.3 Hz chini na 35 Hz juu. Hapo usicheze, maana mtu akiona mstari unayumba anakimbilia kupandisha filta ya chini iwe 1 Hz, mstari unatulia kweli, ila mawimbi ya polepole nayo unayakata kimo na N3 inapotea kwenye ripoti huku mgonjwa alilala nayo vizuri tu.

Kitu kingine, chora mistari miwili ya mlalo kwenye F4-M1, mmoja +37.5 na mwingine −37.5 mikrovolti. Umbali kati yao ni 75, utauhitaji baadaye. Na kumbuka kwenye EEG hasi inaelekea juu, ndiyo desturi ilivyo, usiulize sana.

Hatua ya 2: alfa, na jinsi inavyoondoka

Taa zimezimwa, epoki ya 1 inaanza. Jamaa kafumba macho ila hajalala, na kwenye O2-M1 unaona mawimbi laini yamepangana kama meno ya kitana, hesabu kwenye sekunde moja, yako 10. Hiyo ni alfa, inakaa kati ya 8 na 13 Hz, na Hans Berger aliiona kwa binadamu miaka ya 1920 na kuichapisha 1929. Akifumbua macho inafutika, akifumba inarudi, ndiyo maana mwanzo wa rekodi tunamwambia mtu afumbe na afumbue, ili ujue alfa YAKE inafananaje. Kama mtu mmoja kati ya kumi hivi hatoi alfa hata ukimwomba vipi, na kwa hao utategemea macho yanavyobingirika polepole.

Epoki 1 hadi 14 zote W. Epoki ya 15 alfa ipo sekunde 18 halafu inakatika. 18 ni zaidi ya nusu, bado W. Epoki ya 16 alfa ipo sekunde 9 tu, zilizobaki ni mawimbi madogo yaliyochanganyika ya 4 hadi 7 Hz, na macho yanaenda huku na huku taratibu kama mtu anayebembea. Hiyo N1, na ndiyo sekunde tunayosema kalala. Kabla yake kuna epoki 15 kamili, mara nusu dakika, kwa hiyo alichukua dakika 7.5 kusinzia.

N1 haina kitu chake cha kujivunia, unaitambua zaidi kwa kilichokosekana. Epoki ya 19 inatokea ncha moja kali katikati ya kichwa, fupi kuliko nusu sekunde, ni wimbi kali la utosini. Linakuambia mlango unakaribia kufungwa, ila haliifanyi epoki kuwa N2, wengi wanakosea hapo.

Hatua ya 3: elewa mlango kabla hujaendelea

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo roho ya mambo yote.

Karibu kila habari ya kutoka nje, sauti, mguso, kuona, inapita kwenye thalamasi kabla ya kufika kwenye gamba la ubongo (harufu ndiyo ina njia yake ya mkato). Seli za thalamasi zinazopeleka habari hiyo zina namna mbili za kufanya kazi. Ukiwa macho, shina la ubongo linazimwagia asetilikolini, noradrenalini na wenzao, hizo kemikali zinaziba uvujaji wa potasiamu, na volti ya seli inakaa juu kidogo, karibu −60 milivolti. Hapo seli inapokea ujumbe mmoja inatuma mmoja, mwingine unakuja unatumwa, kama karani mwaminifu.

Usingizi ukianza kemikali zile zinapungua, potasiamu inavuja, volti inashuka kwenye −70 au chini zaidi. Sasa kuna milango ya kalsiamu ya aina ya T ambayo ina tabia ya ajabu: volti ikikaa juu yenyewe inajifunga na kubaki imelala, volti ikishuka chini ndiyo inategwa, kama mtego wa panya. Ukishautega, msukumo mdogo tu unaufyatua, kalsiamu inaingia kwa kishindo na seli inarusha mlipuko wa ishara kadhaa kwa mpigo. Karani hapeleki tena ujumbe mmoja mmoja, anapiga kelele halafu anakaa kimya. Habari za nje hazipiti vizuri tena.

Sasa ongeza mhusika wa tatu. Thalamasi imezungukwa na ganda jembamba la seli linaloitwa nyukliasi ya retikula, na seli zote za ganda hili kazi yao ni kuzima wenzao kwa kemikali inayoitwa GABA. Ganda likirusha mlipuko, seli za thalamasi zinazimwa, yaani volti yao inashuka, na kushuka huko ndiko kunakotega ule mtego! Kizuizi kikiisha wanarudi juu, mtego unafyatuka, wanarusha mlipuko kwenda kwenye gamba la ubongo na njiani wanalipiga ganda lile lile, ganda linajibu kwa kuwazima tena. Mzunguko mmoja unachukua chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na unajirudia mara kadhaa. Kule juu kichwani unaona spindo.

Kwa nini hauendelei milele? Kwa sababu seli za thalamasi zina mkondo mwingine unaoamshwa na volti ikiwa chini, unaitwa Ih, unazivuta polepole kurudi juu kila mzunguko ukipita, mpaka mtego hautegeki tena. Spindo inakufa na inabidi ipumzike sekunde kadhaa kabla nyingine haijaja. Ndiyo maana ina umbo la pia, inanenepa katikati na kuishia nyembamba.

Na hii si nadharia ya kukaa mezani. Miaka ya 1940 Morison na Bassett waliondoa gamba la ubongo la wanyama na spindo zikaendelea kwenye thalamasi, halafu 1985 kundi la Mircea Steriade likakata mawasiliano kati ya ganda na thalamasi na spindo zikatoweka kwenye sehemu iliyokatwa. Kwa hiyo ukiona spindo kwenye C4 jua umeona ganda na thalamasi wanarushiana mpira.

Hatua ya 4: N2, na sheria ya nusu epoki

Turudi kwa jamaa yetu. Epoki ya 20, sekunde ya 22, F4-M1 inaruka juu ghafla kwa ncha kali halafu inazama chini kwa wimbi pana, jumla karibu sekunde moja. Hiyo K-kompleksi. Kigezo ni iwe nusu sekunde au zaidi na ijitokeze wazi kuliko vilivyo pembeni yake, na inaonekana kubwa zaidi mbele ya kichwa. Maana yake huko chini ni kwamba seli nyingi za gamba la ubongo zimenyamaza kwa pamoja kwa muda mfupi sana (hiyo ndiyo ncha ya juu) kisha zikaamka pamoja. Unaweza hata kuichokoza, ukigonga mlango taratibu mtu amelala inatokea na haamki.

Swali, epoki ya 20 ni N2? Hapana. N2 inaanza kwenye epoki ambayo K-kompleksi au spindo imetokea nusu yake ya kwanza, au nusu ya mwisho ya epoki iliyotangulia. Hii imetokea sekunde ya 22, nusu ya pili. Basi epoki ya 20 inabaki N1, na ya 21 ndiyo N2 hata kama ndani yake hakuna kitu chochote cha maana, mstari mtupu. Najua inakera mwanzoni unaandika N2 kwenye epoki tupu, utazoea.

Epoki ya 22 kuna spindo safi kwenye C4-M1. Usiitaje kwa macho tu, ihesabu: kuanzia inapoanza kunenepa mpaka inapoisha ni sekunde 0.8, na vilele ni kumi. 10 gawanya kwa 0.8 ni 12.5 Hz. Spindo inatakiwa iwe kati ya 11 na 16 Hz na idumu angalau nusu sekunde, imepita. Kuhesabu huku kunakuokoa na kosa la kuita alfa iliyorudi spindo, maana alfa ikija vipande vipande kwenye 10 Hz zinafanana mno, ila alfa inakaa kisogoni na spindo inakaa katikati ya kichwa, kwa hiyo angalia pia ni chaneli ipi imeibeba zaidi.

Mara nyingi utaona spindo imepanda mgongoni mwa K-kompleksi, imekuja tu baada ya lile wimbi kuzama. Si bahati. Gamba likiamka pamoja linalipiga lile ganda la thalamasi kwa nguvu, na ganda likipigwa linaanzisha mchezo wake. Gamba ndilo limepiga filimbi.

Epoki ya 25, sekunde ya 4, inakuja K-kompleksi na papo hapo inafuatwa na alfa ya sekunde 5. Hiyo K haihesabiki, kwa sababu imefungamana na kushtuka. Kushtuka ni mabadiliko ya ghafla ya kasi ya mawimbi yanayodumu sekunde 3 au zaidi, baada ya angalau sekunde 10 za usingizi uliotulia. Shina la ubongo limemwaga kemikali zake kidogo, mtego umezimwa, mlango umefunguka kwa muda. Kilichobaki kwenye epoki hiyo ni mawimbi madogo yaliyochanganyika, kwa hiyo epoki ya 25 inashuka kuwa N1 na utabaki N1 mpaka ipatikane spindo au K nyingine isiyo na kushtuka. Kwa jamaa yetu spindo imerudi epoki ya 27 sekunde ya 6. N1 kwa 25 na 26, N2 tena kuanzia 27.

Hatua ya 5: N3, toa rula

Volti za seli za thalamasi zikizidi kushuka mchezo wa spindo unapungua na wote wanaingia kwenye mdundo wa polepole. Bosi wa mdundo huu ni gamba lenyewe: sekunde moja karibu wote wamenyamaza, inayofuata karibu wote wanarusha, kimya, kelele, kimya, kelele, na thalamasi inaburutwa nyuma. Steriade na wenzake waliueleza mwaka 1993, mdundo wa chini ya 1 Hz, na thalamasi ikiharibiwa gamba bado linaendelea nao. Ni kinyume kabisa cha spindo, na ukishika tofauti hii moja umeshika nusu ya somo.

Kigezo: mawimbi ya 0.5 hadi 2 Hz, yenye kimo cha kuzidi mikrovolti 75 toka kilele mpaka bonde, yapimwe kwenye F4-M1, na yajaze angalau asilimia 20 ya epoki. Asilimia 20 ya sekunde 30 ni sekunde 6. Basi, unajumlisha sekunde.

Epoki ya 34: mawimbi yanayovuka mistari yote miwili uliyochora ni matano, kila moja kama sekunde 1. Jumla 5. Haifiki, N2. Epoki ya 35: yapo manane, jumla kama sekunde 8, N3. Spindo zipo bado mgongoni mwa baadhi yao, zisikuchanganye, N3 inaruhusiwa kuwa na spindo. Na usihesabu kwenye C4 kwa sababu tu inaonekana nzuri zaidi, kigezo kimewekwa kwa mbele ya kichwa.

Hapa ndipo niliwahi kuaibika. Nilipewa rekodi, nikaandika N3 kwa muda wa karibu saa tano, nikajisifu kabisa. Mkubwa wangu akaitazama nusu dakika akaniuliza, "Huyu alikuwa analala au anaogelea?" Chumba kilikuwa cha moto, mtu alitoka jasho, na jasho kwenye elektrodi linafanya mstari uyumbe polepole sana. Utaijuaje: jasho linayumba mfululizo bila sura maalum, mara nyingi polepole kuliko nusu Hz, na chaneli zinazotumia elektrodi ile iliyolowa zinayumba pamoja, ukiangalia za upande wa pili na M2 hazina. Wimbi la kweli lina mwanzo na mwisho, na linapungua taratibu ukitoka mbele kwenda kisogoni. Dawa ni kupoza chumba na kubadilisha elektrodi ya rejea, si kupandisha filta.

Jambo lingine la haki, kimo cha mawimbi haya kinapungua na umri. Mtu wa miaka 70 anaweza kuwa na mdundo mzuri kabisa wa kimo cha mikrovolti 60 na hatapata N3 hata epoki moja. Sheria inasema 75, unafuata, ila kwenye maelezo unaandika ulichoona. Na mtu anayetumia dawa za jamii ya benzodiazepini atakuwa na spindo nyingi kupita kawaida, na hapo usishangae, dawa hizo zinaipa GABA nguvu, na ganda lenyewe linafanya kazi kwa GABA.

Hatua ya 6: REM, ambapo EEG peke yake inakudanganya

Epoki ya 192 jamaa anabadilika. Spindo hakuna, mawimbi makubwa hakuna, EEG imekuwa ndogo na imechanganyika kama N1. Kilichotokea ni kwamba asetilikolini ya shina la ubongo imerudi kwa nguvu huku noradrenalini na serotonini zimekaa kimya, seli za thalamasi zimepandishwa volti, mitego imezimwa, karani amerudi kazini. Lakini mtu amelala.

Kwa hiyo EEG haitoshi, angalia vingine viwili. Kidevu: mstari wake umekuwa mwembamba kuliko sehemu zote za usiku, misuli imelegezwa. Macho: yanaruka ghafla, na hapa kuna ujanja mdogo unaofaa sana. Jicho ni kama betri, mbele chanya, kwa hiyo macho yakihamia upande mmoja yanasogelea elektrodi moja na kuikimbia nyingine, na mistari miwili inaenda kinyume, mmoja juu mwingine chini. K-kompleksi nayo inaingia kwenye chaneli za macho kwa sababu iko karibu, ila mistari yote miwili inaelekea upande mmoja. Zikienda kinyume ni macho, zikienda pamoja ni ubongo.

Epoki ya 192 ina vyote: EEG ndogo, kidevu chini, macho yanaruka kinyume, na kabla tu ya kuruka kuna mawimbi ya pembetatu yaliyopangana kama meno ya msumeno, kama 3 kwa sekunde, yanaonekana zaidi katikati ya kichwa. R. Alilala kuanzia epoki ya 16, 192 toa 16 ni 176, mara nusu dakika ni dakika 88 tangu asinzie, kawaida kabisa kwa kijana.

Epoki ya 193 macho yametulia, hayarukiruki. Ila kidevu bado kiko chini na hakuna spindo wala K, unaendelea na R. Epoki ya 197 kidevu bado chini, lakini sekunde ya 9 inatokea spindo. Hata kama nusu ya pili yote inafanana na REM tupu, ganda limeshaanza kurusha mpira tena, na hakuna jicho lililoruka, basi andika N2.